Aya ya Upanga: Mbiu ya Mina na Miezi Minne ya Muhula

Siku ya kuchinja, tarehe 10 Mfunguo Tatu mwaka wa 9 Hijria, ambayo iliangukia Machi 631, bonde la Mina nje kidogo ya Makka lilijaa mahujaji wa namna mbili. Walikuwepo Waislamu waliotoka Madina wakiongozwa na Abubakar. Walikuwepo pia washirikina wa makabila mbalimbali ya Bara Arabu, waliokuja kuhiji kwa desturi walizozirithi kwa baba na babu. Wapiga mbiu walipita kati ya makundi yote mawili. Mmoja wao, Abu Huraira, alisimulia baadaye kwamba alinadi siku ile mpaka sauti ikamkauka.

Mbiu ilikuwa na mambo manne. Baada ya mwaka ule, mshirikina asihiji tena. Mtu asitufu Al-Kaaba akiwa uchi, jambo ambalo baadhi ya makabila walilifanya kama ibada. Peponi haingii ila aliyeamini. Na la nne, ambalo ndilo lililowagusa zaidi watu wa makabila: mwenye mkataba na Mtume Muhammad atatimiziwa mpaka muda wake uishe, na asiye na mkataba amepewa miezi minne.

Pamoja na mbiu hiyo zilisomwa hadharani aya za mwanzo za sura ambayo leo ni ya 9 katika mpangilio wa Kurani. Sura hiyo inaitwa At-Tawba, yaani toba, na pia Baraa, yaani kujitoa katika ahadi. Ina aya 129, na ndiyo sura pekee isiyotanguliwa na Bismillahi. Aya yake ya 5 ndiyo ambayo wanazuoni wa zama za baadaye waliipa jina la Aya ya Upanga, ingawa upanga hautajwi ndani yake wala mahali pengine popote katika Kurani.

Aya hiyo imekuwa ikisomwa sana na watu wasiosoma iliyo kabla yake wala iliyo baada yake. Wapo wanaoitumia kuhalalisha mauaji, na wapo wanaoitumia kuthibitisha kwamba Uislamu hauna lolote ila mauaji. Makundi hayo mawili yanachukiana, lakini yanaisoma aya kwa namna moja. Kuielewa kunataka mtu arudi Mina, na kabla ya Mina arudi nyuma miaka mitatu, kwenye mkataba uliovunjwa.

Aya yenyewe inasema nini

Kwa maneno mepesi, aya ya 5 ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inasema kwamba miezi mitukufu ikishapita, Waislamu wawaue washirikina popote watakapowakuta, wawateke, wawazingire na wawavizie katika kila njia. Sehemu ya pili inasema kwamba wakitubu, wakasimamisha sala na wakatoa zaka, basi waachiwe njia yao, kwa kuwa Mungu ni mwenye kusamehe na mwenye kurehemu.

Maneno ya sehemu ya kwanza ni makali, na hakuna sababu ya kuyalainisha. Ni amri ya vita. Mtu anayesema aya hii haizungumzii kuua anapotosha, na msomaji akiifungua tafsiri yoyote ya Kiswahili, iwe ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969 au ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ya mwaka 1995, atayakuta maneno hayo hayo. La kuuliza ni amri hiyo inawahusu washirikina gani, inaanza lini, ina milango gani ya kutokea, na nani ana mamlaka ya kuitekeleza. Maswali hayo yote yanajibiwa ndani ya sura yenyewe, katika aya zinazoizunguka.

Mkataba wa Hudaibiya na usiku wa Watir

Mwaka wa 6 Hijria, sawa na 628, Mtume na masahaba wake walitoka Madina kwenda kufanya umra. Makureshi wakawazuia mahali panapoitwa Hudaibiya, karibu na Makka. Baada ya majadiliano, mjumbe wa Makureshi, Suhail bin Amr, alikubaliana na Mtume kusimamisha vita kwa miaka 10. Mkataba ule ulikuwa na kipengele kilicholeta mambo yote yaliyofuata: kabila lolote lilikuwa huru kujiunga na upande wa Mtume au upande wa Makureshi, na likishajiunga lilihesabiwa kuwa chini ya ulinzi wa mkataba.

Kabila la Khuzaa likajiunga na Mtume. Kabila la Banu Bakr likajiunga na Makureshi. Makabila hayo mawili yalikuwa na visasi vya damu vya tangu kabla ya Uislamu, na kila moja sasa lilikuwa na mlinzi wake.

Haikupita miaka miwili. Usiku mmoja watu wa Banu Bakr wakawavamia Khuzaa kwenye kisima chao cha Watir na kuwaua baadhi yao. Makureshi waliwapa silaha, na baadhi yao walishiriki wenyewe wakijificha katika giza. Mtu wa Khuzaa, Amr bin Salim, akaenda mbio mpaka Madina kumlilia Mtume. Abu Sufyan naye, aliyekuwa kiongozi wa Makureshi, akaja Madina kujaribu kuufufua mkataba. Akarudi mikono mitupu. Mwezi wa Ramadhani mwaka wa 8 Hijria, Januari 630, Mtume aliingia Makka na jeshi kubwa, na mji ukaanguka karibu bila mapigano.

Kuanguka kwa Makka hakukumaliza vita. Ndani ya wiki chache makabila ya Hawazini na Thakifu yalijikusanya, wakapigana na Waislamu katika bonde la Hunaini. Vita hivyo vimetajwa katika sura hii hii, aya ya 25. Mwaka uliofuata hali ya Bara Arabu ilikuwa hivi: Makka iko mikononi mwa Waislamu, makabila mengi yana mikataba na Madina, baadhi ya mikataba ina muda maalumu na baadhi haina, na baadhi ya makabila yamekwisha kuonyesha kwamba mkataba kwao ni kitu cha kusubiria nafasi. Suratut Tawba ilishuka kushughulikia hali hiyo.

Kwa nini alitumwa Ali

Abubakar alikuwa ameshaondoka Madina na mahujaji wakati Mtume alipomtuma binamu na mkwe wake, Ali bin Abi Talib, amfuate njiani na aya zile. Abubakar alipomwona alimuuliza kama amekuja kuwa kiongozi au kuwa chini ya kiongozi. Ali akajibu kwamba yuko chini yake. Hija iliendelea kuongozwa na Abubakar, na Ali akabaki na kazi moja tu, kutangaza.

Wafasiri wanaeleza sababu. Kwa mila ya Waarabu wa wakati ule, mkataba hufungwa au kufunguliwa na mwenyewe aliyeufunga, au na mtu wa ukoo wake wa karibu. Mtu mwingine akija kuutangua, hata akiwa rafiki wa damu, watu wangeweza kusema hawakuarifiwa. Kwa kumtuma Ali, Mtume alihakikisha hakuna kabila litakalodai baadaye kwamba halikupewa taarifa kwa njia inayotambulika.

Jambo hili linaonyesha aya zile ni maandishi ya namna gani. Ni taarifa ya kuvunja mikataba, iliyosomwa na mtu mwenye mamlaka ya kuisoma, mahali ambapo Waarabu wengi wanakutana kuliko popote, katika siku ambayo hakuna anayebeba silaha dhidi ya mwenzake. Mshambuliaji anayetaka kumshtukiza adui hafanyi hivyo.

Kutoka aya ya 1 mpaka ya 13

Tuzisome kwa mpangilio wake. Aya ya 1 inatangaza kwamba Mungu na Mtume wake wamejitoa katika ahadi walizowekeana na washirikina. Aya ya 2 inawaambia washirikina hao watembee katika nchi kwa miezi minne, wakiwa salama. Aya ya 3 inataka tangazo hilo lifikishwe kwa watu wote siku ya hija kubwa.

Halafu, kabla hata amri ya vita haijatamkwa, inakuja aya ya 4 na kuwatoa watu. Washirikina ambao waliwekeana mkataba na Waislamu, wakautimiza bila kupunguza chochote na bila kumsaidia adui yeyote, hao watimiziwe mpaka mwisho wa muda wao. Wafasiri wanataja Banu Dhamra, tawi la Kinana, kuwa mfano wa watu hao: walikuwa bado washirikina, lakini hawakuwahi kuvunja neno lao. Kwa hiyo ushirikina peke yake haukumfanya mtu awe mlengwa wa aya inayofuata. Banu Dhamra waliabudu masanamu kama wenzao na aya haikuwagusa. Walinusurika kwa uaminifu wao katika mkataba.

Ndipo inakuja aya ya 5, na mara tu baada yake aya ya 6, ambayo wanaoinukuu Aya ya Upanga huiacha karibu kila mara. Hiyo inasema kwamba mshirikina mmoja akiomba ulinzi, apewe ulinzi huo ili asikie neno la Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa amani, kwa sababu hao ni watu wasiojua. Anayesemwa hapa ni mshirikina ambaye muhula wake umekwisha, na mapigano yanaendelea. Anakuja na kuomba, na anasikilizwa. Akisikia na asiamini, haambiwi achague. Anasindikizwa mpaka kwao akiwa hai. Wanazuoni wa sheria walijenga juu ya aya hii mlango mzima unaoitwa amani, unaohusu mjumbe, mfanyabiashara na mgeni yeyote anayeingia nchi ya Waislamu kwa idhini.

Aya ya 7 inarudia jambo la wale waliofunga mkataba penye Msikiti Mtukufu: maadamu wao wamenyooka kwenu, nanyi nyookeni kwao. Aya ya 8 na ya 10 zinaeleza kosa la wengine, kwamba wakipata nguvu hawajali udugu wala ahadi. Aya ya 12 inaelekeza vita kwa viongozi wa wale waliovunja viapo baada ya kuahidi, na kutaja lengo lake, kwamba huenda wakakoma. Aya ya 13 inataja sababu tatu kwa mpigo: watu hao wamevunja viapo vyao, walidhamiria kumfukuza Mtume, na wao ndio walioanza kuwashambulia Waislamu.

Mtu akisoma aya hizo 13 kwa pumziko moja, jibu la swali la kwanza linajitokeza lenyewe. Washirikina wa aya ya 5 ni watu wa Bara Arabu wa wakati ule ambao historia yao na Waislamu inajulikana na imetajwa. Kadhi na mfasiri wa Andalusia, Abubakar bin al-Arabi, aliyefariki mwaka 1148, alifikia hitimisho hilo baada ya kupitia matini na hadithi zinazokataza kuua wanawake na watoto: wanaokusudiwa ni washirikina wanaowapiga vita Waislamu.

Safwan na miezi yake minne

Namna muhula wa aina hii ulivyofanya kazi kwa mtu mmoja inaonekana katika kisa cha Safwan bin Umaya. Kisa chenyewe kilitokea mwaka mmoja kabla ya mbiu ya Mina. Safwan alikuwa mmoja wa wakubwa wa Makureshi. Baba yake aliuawa katika vita vya Badri, na yeye mwenyewe aliwahi kupanga mauaji ya Mtume. Makka ilipoanguka alikimbilia pwani akikusudia kuvuka kwenda Yemeni.

Binamu yake, Umair bin Wahab, ambaye alikuwa ameshasilimu, alimwombea amani kwa Mtume. Akapewa kilemba cha Mtume akichukue kama alama, akamfuata Safwan na kumrudisha. Safwan akaja mbele ya watu akiwa juu ya mnyama wake, akauliza kwa sauti kama ni kweli amepewa amani, na akaomba miezi miwili ya kufikiri kuhusu dini. Mtume akamwambia anayo minne.

Katika miezi hiyo Safwan alibaki mshirikina. Mke wake alikuwa amesilimu, yeye bado. Vita vya Hunaini vilipokuja, Mtume alimwazima deraya na silaha. Safwan aliuliza kama anaporwa au anaazimwa, akajibiwa kwamba anaazimwa na atarudishiwa. Akatoka pamoja na jeshi hali yeye bado ni mwabudu masanamu. Alisilimu baadaye kwa hiari yake.

Kisa hiki hakifuti ukali wa aya ya 5, lakini kinaonyesha muhula wa miezi minne ulikuwa na maana gani kwa walioutoa. Ulikuwa muda halisi ambao mtu aliweza kuishi, kutembea, kudai mali yake na kujadiliana. Muhula wa Mina ulifanya kazi vivyo hivyo kwa makabila. Mwaka wa 9 na wa 10 Hijria unajulikana katika sira kwa wajumbe waliomiminika Madina kutoka kila pembe kufanya mapatano au kusilimu. Vitabu vya sira havisimulii msako wa jumla wa washirikina uliofanyika siku muhula ulipokwisha. Hija iliyofuata, ya Machi 632, Mtume aliiongoza mwenyewe, na hapakuwa na mshirikina hata mmoja kati ya mahujaji.

Ukweli mwingine lazima usemwe pia. Kwa makabila yasiyo na mkataba uliobaki, tangazo lile lilikuwa shinikizo zito. Dola mpya ilikuwa imeamua kwamba eneo la Makka halitakuwa tena la dini mbili, na kwamba anayeendelea na uadui atapigwa vita. Wanazuoni wa kale hawakulificha hilo, na wengi wao waliona kwamba kwa mshirikina wa Kiarabu wa wakati ule aliyebaki katika vita, njia ya kumaliza ilikuwa kusilimu.

Walichobishania wanazuoni

Ubishi wa kwanza ulihusu tarehe. Miezi mitukufu inayotajwa katika aya ya 5 ni ipi? Waarabu walikuwa na miezi minne ya kusimamisha vita: Rajabu, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu na Mfunguo Nne. Ikiwa ndiyo hiyo, muhula wa wasio na mkataba ulikwisha mwisho wa Mfunguo Nne, siku 50 tu baada ya mbiu. At-Tabari, mfasiri mkubwa wa Baghdadi aliyefariki mwaka 923, alielekea huko. Ibn Kathir, aliyeandika Damasko karne ya 14, aliona kwamba ni ile miezi minne ya muhula iliyotajwa katika aya ya 2, ambayo mwisho wake ni tarehe 10 Mfunguo Saba, yaani Julai 631. Kwa vyovyote vile, wote wawili wanaifunga aya kwenye kalenda ya mwaka maalumu.

Ubishi wa pili ni mkubwa zaidi, nao ndio uliozaa sifa mbaya ya aya hii. Je, aya ya 5 ilifuta aya nyingine zinazoamrisha subira, msamaha na wema? Hibatullah bin Salama, mwanazuoni wa Baghdadi aliyefariki mwaka 1019, aliandika kwamba aya hii moja imefuta aya 124. Hesabu hiyo ndiyo inayotajwa mpaka leo na wanaotaka kuifanya aya hii neno la mwisho la Kurani kuhusu watu wa dini nyingine. Wanachokiacha ni kwamba Ibn Salama huyo huyo aliongeza kuwa mwisho wa aya ukaja kuufuta mwanzo wake. Hata aliyeipa aya nguvu kubwa kuliko wote aliona kwamba sehemu ya msamaha ndiyo inayoitawala sehemu ya vita.

Na wengi hawakukubaliana naye. As-Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 1505, alizipitia aya zinazodaiwa kufutwa katika Kurani nzima na kubakisha 20 hivi. Aya za subira alizitoa katika hesabu hiyo. Kwake yeye kila amri ina hali yake, na hali ikirudi, amri yake inarudi.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi ubishi huo ulivyoendeshwa. Sura ya 60, aya ya 8, inasema kwamba Mungu hawakatazi Waislamu kuwatendea wema na uadilifu wale ambao hawakuwapiga vita kwa ajili ya dini wala hawakuwatoa majumbani mwao. Inahusishwa na kisa cha Asma binti Abubakar, ambaye mama yake mshirikina alikuja kumtembelea Madina wakati wa mkataba wa Hudaibiya. Asma alimwuliza Mtume kama anaruhusiwa kumkirimu mama huyo, naye akamwambia amuunge. Qatada, mfasiri wa kizazi kilichofuata masahaba, alisema aya hiyo ilifutwa na Aya ya Upanga. At-Tabari aliichukua kauli hiyo, akaipima, akaikataa. Alisema wema unaozungumzwa unawahusu watu wa kila mila na dini ambao hawapigani na Waislamu, na kwamba madai ya kufutwa hayana maana, kwa sababu kumtendea wema jamaa au mtu baki asiye na uadui hakujawahi kuwa haramu.

Hoja yake ni ya mantiki rahisi. Aya moja inawahusu wanaopigana na nyingine inawahusu wasiopigana. Amri kuhusu watu wa kwanza haiwezi kuifuta amri kuhusu watu wa pili, kwa kuwa hazikutani.

Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ni miongoni mwa waliouona ukafiri wenyewe kuwa sababu ya vita, tofauti na Abu Hanifa na wengine walioona sababu ni uadui. Lakini hata yeye alikubali mikataba ya kusimamisha vita, akaupa muda wa miaka 10 kwa kipimo cha Hudaibiya, na alishikilia kwamba aliyepewa amani haguswi. Abu Hanifa na Malik kwa upande wao waliruhusu kodi ya jizya kwa washirikina wasio Waarabu, ambao wangebaki katika dini zao. Ingekuwa aya ya 5 ni amri ya kuua kila asiye Mwislamu popote alipo, hukumu zote hizi zisingekuwa na pa kusimama.

Aya iliyokatwa katikati

Februari 1998 Osama bin Laden na wenzake walitoa tangazo lililochapishwa katika gazeti la Al-Quds al-Arabi la London, wakidai kwamba ni wajibu wa kila Mwislamu kuwaua Wamarekani na washirika wao, raia na wanajeshi. Baada ya maneno machache ya kumsifu Mungu, tangazo lilifungua kwa aya ya 5 ya Suratut Tawba. Nukuu iliishia kwenye amri ya kuvizia. Sehemu ya pili ya aya haikuwemo. Aya ya 4 haikuwemo, wala ya 6.

Tarehe 7 Agosti mwaka huo huo, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 walikufa. Wengi wao walikuwa Wakenya na Watanzania, Wakristo na Waislamu, waliokuwa kazini au wakipita njiani asubuhi ya Ijumaa.

Tukiliweka tukio lile mbele ya aya iliyotumika kulihalalisha, kila sharti linavunjika. Aya ilitanguliwa na taarifa ya wazi na muhula. Mabomu hayakuwa na taarifa. Aya iliwatoa wasiovunja ahadi. Waliokufa hawakuwa na ugomvi na yeyote. Aya ya 6 inamlinda aliyeingia kwa idhini, na ubalozi ni mahali pa wajumbe walioingia kwa idhini ya wenyeji. Na tangazo la Mina lilitolewa na mkuu wa dola kupitia mtu aliyetambulika na pande zote. Watu wale hawakuwa na dola, na hakuna umma uliowapa madaraka ya kutangaza vita kwa niaba yake.

Vijitabu vinavyoandikwa dhidi ya Uislamu navyo huikata aya mahali pale pale. Kwa hiyo msomaji akiletewa aya hii na mtu yeyote, kipimo chake ni chepesi: aangalie nukuu imeishia wapi. Ikiishia kabla ya toba na kuachiwa njia, ameletewa nusu ya sentensi. Kisha atafute aya ya 4 na ya 6. Zikikosekana, aliyezileta ama hakuzisoma au alizisoma akaona zinamharibia hoja.

Jinsi vizazi vya mwanzo walivyolichukulia suala la taarifa kunaonekana kwa Muawiya, aliyekuwa sahaba kabla ya kuwa mtawala wa Shamu. Alikuwa na mkataba wa kusimamisha vita na Warumi, na muda ulipokaribia kwisha alianza kusogeza jeshi mpakani ili siku ya mwisho ikipita awashambulie mara moja. Hakuwa amevunja kifungu chochote. Akatokea mtu juu ya farasi akipiga kelele za takbira na kusema kuwa linalotakiwa ni kutimiza, si hiana. Alikuwa sahaba Amr bin Abasa, naye alisimulia kwamba alimsikia Mtume akisema mwenye mkataba na watu asifungue fundo wala asilikaze mpaka muda upite, au awarudishie ahadi yao wazi wazi ili pande zote ziwe sawa katika kujua. Muawiya akageuza jeshi lake na kurudi. Kwake, hata kusogea kimyakimya dhidi ya adui ambaye hajaarifiwa kulitosha kuwa hiana, na aya za mwanzo za Suratut Tawba ziliandikwa kwa watu waliolijua sharti hilo.